Transfoma ya kupandisha volti kwenye mtambo wa sola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa yanatumia mfano mmoja, ili hesabu zisikupoteze. Mtambo una inveta 10, kila moja kVA 250, zinazotoa volti 800. Zote zinaingia kwenye transfoma moja ya mafuta ya kVA 2,500 inayopandisha volti hadi kV 22, masafa ni Hz 50, na gridi imekubali kupokea MW 2. Mtambo wako ukiwa mkubwa au mdogo zaidi, badilisha namba. Mwendo wa hesabu haubadiliki.

## Mambo ya msingi

1. Transfoma ya sola ina tofauti gani na ile ya mtaani inayoshusha umeme?

Kwa macho zinafanana: kiini cha chuma, koili, tangi la mafuta. Tofauti iko kwenye maisha yake. Ya mtaani hulishwa kutoka volti ya kati na mzigo wake hupanda na kushuka mchana na usiku. Ya sola hulishwa na inveta kutoka upande wa volti ndogo, hubeba mzigo mzito kwa saa chache za jua kali, kisha hukaa bila kazi usiku mzima ikiwa bado imeunganishwa na gridi. Isitoshe, kinachoingia kwenye koili yake ya volti ndogo ni umeme uliotengenezwa kwa swichi za elektroniki zinazofunga na kufungua maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki ya ukatajikataji huo huifikia.

Ndiyo maana kuchukua transfoma ya kawaida kutoka stoo na kuigeuza kichwa chini miguu juu ni kamari. Itawaka, na huenda ikafanya kazi miaka miwili mitatu, lakini haikujengwa kwa mambo yaliyoelezwa kwenye maswali ya 7, 8 na 9.

2. Kwa nini kibao cha vipimo huwa kimeandikwa Dy11, na je, niunganishe nyutro ya volti ndogo na ardhi?

D ni koili ya volti ya kati iliyofungwa kwa pembetatu, y ni koili ya volti ndogo iliyofungwa kwa nyota, na 11 inaeleza kuwa volti ndogo iko mbele kwa nyuzi 30. Pembetatu ina faida ya kuzuia harmoniki za tatu na jamii yake zisivuke kwenda kwenye gridi.

Nyutro ya volti ndogo, kwa inveta nyingi za siku hizi zisizo na transfoma ya ndani, huachwa bila kuunganishwa na ardhi. Sababu ni kwamba paneli na koili zimeshikana moja kwa moja kupitia inveta. Ukiunganisha nyutro na ardhi unafungua njia ya mkondo kuzunguka kutoka paneli hadi kwenye tangi, na inveta itajizima kwa kosa la uvujaji au kuungua kabisa. Soma kitabu cha inveta kabla ya kukaza hata nati moja. Ukiiacha nyutro wazi, lazima uwe na kifaa kinachopima uhami kati ya nyaya na ardhi wakati wote, kwa sababu waya mmoja ukigusa ardhi hakuna fyuzi itakayokatika kukuambia.

## Kuchagua ukubwa

3. Mtambo wangu ni wa MW 2. Si nichukue tu transfoma ya kVA 2,000?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. MW 2 ni nguvu halisi inayofika kwenye mita. Transfoma hupashwa joto na mkondo wote unaopita, pamoja na ule wa nguvu tendaji.

Tuseme gridi inataka uweze kufanya kazi kwa kipengele cha nguvu cha 0.95. MW 2 ukigawanya kwa 0.95 unapata kVA 2,105, na ndani yake kuna kVAr 657 za nguvu tendaji. Tayari kVA 2,000 imepitwa. Sasa ongeza kile transfoma yenyewe inachokula. Ikiwa impedansi yake ni asilimia 6, kwa mzigo kamili inameza kVAr 150. Kwa mzigo wetu wa asilimia 84 inameza kama kVAr 106. Kwa hiyo inveta hazina budi kutoa kVAr 763 na, ukiweka na joto linalopotea, kW 2,015. Hiyo ni kVA 2,155 kwenye upande wa volti 800.

Bado kuna volti ya gridi. Ikishuka kwa asilimia 10, inveta huongeza mkondo ili nguvu ibaki ileile. Inveta zetu kwenye joto la nyuzi 40 zinaweza kutoa jumla ya kVA 2,250. Gawanya kwa 0.9, unapata mkondo ulio sawa na wa transfoma ya kVA 2,500, yaani ampea 1,804 kwenye volti 800. Hapo ndipo namba ya 2,500 ilipotoka, haikukisiwa.

4. Inveta hupungua nguvu kwenye joto. Transfoma nayo?

Zote mbili hupungua, na inafaa kuziangalia pamoja. Inveta ya mfano wetu inatoa kVA 250 kwa nyuzi 30, kVA 225 kwa nyuzi 40 na kVA 200 kwa nyuzi 50. Kwenye nyuzi 50 jumla ni kVA 2,000 tu. Gridi ikidai kVAr 763 saa hiyohiyo, kinachobaki kwa nguvu halisi ni takriban kW 1,850. Hutafika MW 2 hata ukifunga transfoma kubwa kama nyumba. Anayelaumu transfoma kwa upungufu huo wa adhuhuri aangalie kwanza jedwali la joto la inveta.

Kwa transfoma, kiwango cha IEC kinachukulia hewa isiyozidi nyuzi 40, wastani wa nyuzi 30 katika mwezi wenye joto kuliko yote na nyuzi 20 kwa mwaka, na mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Eneo lako likipita hapo, mwandikie mtengenezaji namba halisi za eneo hilo katika oda yenyewe. Akizijua, ataongeza mapezi ya kupoozea au shaba. Usipomwambia, atajenga kwa kiwango, na wewe ndiye utakayepunguza mzigo. Transfoma iliyofungiwa ndani ya kontena pamoja na inveta iangaliwe kwa makini zaidi, maana hewa inayoizunguka si ile inayosomwa na kituo cha hali ya hewa kilicho nje.

5. Usiku transfoma inapoa. Je, siwezi kununua ndogo na kuizidishia mzigo mchana?

Hoja hii ina ukweli nusu. Mafuta ya transfoma ya ukubwa huu huchukua muda kupanda joto. Kwa kukadiria, kila baada ya saa 3 hufunika karibu theluthi mbili ya safari iliyobaki. Kilele kingekuwa cha saa moja, ungepona.

Lakini mitambo mingi hufungwa paneli nyingi kuliko uwezo wa inveta, kwa mfano kW 2,600 za paneli kwa kW 2,000. Matokeo yake mchoro wa uzalishaji hauna ncha: unapanda asubuhi, unakuwa bapa kwa muda wa saa 5 hadi 6, kisha unashuka. Ndani ya saa 6 mafuta yanakuwa yamefika kama asilimia 86 ya joto lake la mwisho. Koili zenyewe hufika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mchana wa jua kali ihesabu transfoma kana kwamba iko kwenye mzigo wa kudumu. Ubaridi wa usiku unasaidia karatasi ya kuhami isizeeke haraka, kwa sababu kuzeeka hujumlishwa kwa saa zote 24; haukupi kibali cha kupita kibao cha vipimo.

## Harmoniki na mambo mengine yanayotoka kwenye inveta

6. Nimeambiwa ninunue transfoma maalumu ya harmoniki, ya K-13. Ni lazima?

Kwa inveta za kisasa zenye vichujio, mara nyingi si lazima, na heri fedha hiyo iende kwenye kiini bora (swali la 10). Tupige hesabu. Tuseme cheti cha inveta kinaonyesha harmoniki ya 5 ni asilimia 2 ya mkondo, ya 7 ni 1.5, ya 11 ni 1 na ya 13 ni 0.8. Jumla ya upotofu ni asilimia 2.8. Kipengele cha K hupatikana kwa kuzidisha mraba wa kila mkondo kwa mraba wa namba ya harmoniki, kujumlisha, kisha kugawa kwa jumla ya miraba ya mikondo:

```
K = Σ(Ih² × h²) / Σ(Ih²)
```

Hapa K inatoka 1.04. Maana yake upotevu wa mikondo ya kizunguzungu ndani ya koili unaongezeka kwa asilimia 4. Upotevu huo wenyewe ukiwa ni sehemu ya kumi ya upotevu wote wa mzigo, nyongeza haifiki hata nusu ya asilimia. K-13 ilibuniwa kwa majengo yaliyojaa vifaa vya elektroniki vinavyochafua umeme vibaya. Kwenye mtambo huu utalipia kitu usichokitumia.

Omba cheti cha inveta chenye jedwali la harmoniki moja moja, upige K yako mwenyewe. Na usishtuke ukiona mita inasoma upotofu wa asilimia 15 alfajiri. Hiyo ni asilimia ya mkondo mdogo sana. Kwa ampea hakuna kitu. Kipimo chenye maana ni ukilinganisha na mkondo kamili wa mtambo.

7. Kama harmoniki za kawaida si tatizo, basi ni nini kinachoua transfoma za sola?

Kuna mambo mawili ambayo kipimo cha kawaida cha harmoniki hakiyaonyeshi.

La kwanza ni mapigo ya volti dhidi ya ardhi. Swichi za inveta zinapofunga na kufungua, koili nzima ya volti ndogo huruka juu na chini ikilinganishwa na tangi, kwa kasi kubwa. Mita ya kupima kati ya fezi na fezi haitaona kitu, kwa sababu fezi zote tatu zinaruka pamoja. Mapigo haya huchosha uhami wa koili ya volti ndogo, na kupitia ukaribu wa koili mbili huvuka hadi volti ya kati. Dawa yake ni skrini, yaani karatasi ya shaba au alumini inayowekwa kati ya koili hizo na kuunganishwa na ardhi, pamoja na uhami wa volti ndogo ulio mzito kuliko wa transfoma ya kawaida ya volti 800. Yote mawili huwekwa kiwandani. Transfoma ikishafungwa, hakuna cha kuongeza. Uliza kwa maandishi: je, skrini ipo, na ncha yake imetolewa nje mahali ninapoweza kuipima? Skrini isiyoungwa na ardhi haina kazi yoyote.

La pili ni mkondo wa DC, ambao umeelezwa kwenye swali linalofuata.

8. Transfoma inanguruma kuliko ilivyokuwa siku ya kukabidhiwa, lakini mchana tu. Shida ni nini?

Shuku mkondo wa DC kutoka kwa inveta. Viwango huruhusu inveta kuvujisha hadi asilimia 0.5 ya mkondo wake. Inaonekana ndogo, ila iweke karibu na namba nyingine. Asilimia 0.5 ya ampea 1,804 ni ampea 9. Mkondo ambao kiini kizuri kinahitaji kujitia sumaku ni kama asilimia 0.4, yaani ampea 7. DC inayoruhusiwa inaweza kuzidi mkondo wote wa sumaku! Ikizidi hivyo, kiini kinasukumwa upande mmoja na kushiba katika nusu ya kila wimbi.

Dalili ni mngurumo wenye sauti nzito unaofuata uzalishaji, na harmoniki shufwa, hasa ya 2 na ya 4, ambazo kwenye mtambo usio na kasoro hazitakiwi kuonekana. Kumpata mkosaji, weka kichanganuzi cha umeme upande wa volti 800 kwenye saa ya jua tulivu, kisha zima inveta moja baada ya nyingine, ukisubiri dakika moja au mbili kila mara. Harmoniki ya 2 ikianguka ghafla baada ya kuzima inveta namba 7, umempata. Mara nyingi kihisi cha mkondo ndani yake kimepoteza sifuri yake. Inveta kumi zenye kosa dogo la upande tofauti hufutana. Moja iliyoharibika haina wa kuifuta.

Mngurumo ukiwepo usiku pia, inveta hazihusiki. Angalia volti ya gridi na tepu, kama ilivyo kwenye swali la 12.

9. Nina inveta mbili kubwa badala ya nyingi ndogo. Naweza kuziunga kwenye koili moja?

Inategemea mtengenezaji wa inveta, na wengi hawaruhusu. Inveta mbili kubwa ambazo swichi zake hazifungi kwa wakati mmoja huzungusha mkondo kati yao kupitia nyaya na ardhi, bila mkondo huo kufika kwenye gridi. Kwa hali hiyo agiza transfoma yenye koili mbili za volti ndogo, Dy11y11, kila inveta na yake, na umtajie mtengenezaji kuwa inveta moja huweza kufanya kazi peke yake huku nyingine imezimwa.

## Upotevu wa usiku

10. Usiku hakuna jua. Transfoma inakula umeme gani?

Inakula umeme wa gridi, na wewe ndiye unayeulipia. Kiini kikishaunganishwa na volti hujitia sumaku na kujitoa mara 50 kwa sekunde, na kazi hiyo hugeuka joto hata kama hakuna mzigo. Kwenye cheti cha majaribio huandikwa P0. Upotevu wa mzigo, Pk, ni ule wa koili, na huufuata mraba wa mkondo.

Tuchukue transfoma mbili za kVA 2,500. Zote zina Pk ya wati 18,500. Ya kwanza ina P0 ya wati 1,575, ya pili wati 2,500. Usiku wa saa 12 unafanya saa 4,380 kwa mwaka. Ya kwanza inakula kWh 6,900 usiku pekee, ya pili kWh 10,950. Ukihesabu mwaka mzima wa saa 8,760, tofauti yao ni kWh 8,100, na kwa miaka 25 inapita kWh 200,000. Hiyo yote ni wati 925 zilizodharauliwa siku ya kununua.

11. Nikilinganisha zabuni, nipe uzito gani P0 na Pk?

Tumia njia hii, ambamo A na B ni thamani ya fedha unayoipa kila wati moja kwa maisha yote ya transfoma:

```
Gharama = Bei + A × P0 + B × Pk
```

P0 inafanya kazi saa 8,760. Kwa Pk, fikiria siku isiyo na wingu, mzigo ukipanda hadi asilimia 80 na kushuka kwa mviringo ndani ya saa 12. Upotevu wa koili ni kWh 71 siku hiyo, sawa na Pk kamili kwa saa 3.84. Hata kila siku ya mwaka ingekuwa hivyo, ungepata saa 1,400 tu. Kwa hiyo wati moja ya P0 inadumu zaidi ya mara sita ya wati moja ya Pk, na siku za mawingu tofauti inapanuka zaidi.

Kuna la kuongeza: nusu ya saa za P0 ni za usiku, ambapo unanunua, na nusu ni za mchana, ambapo unakosa kuuza. Bei hizo mbili ni nadra kulingana. Zitenganishe katika A. Ukitumia bei ya kuuzia peke yake utaidharau transfoma nzuri.

Kiini cha chuma kisicho na fuwele hushusha P0 hadi karibu theluthi. Ni kizito na kikubwa zaidi, na hushiba mapema, kwa hiyo swali la 8 linakuwa na uzito zaidi kwake.

12. Volti ya gridi hupanda usiku. Inaongeza upotevu?

Ndiyo, tena kwa kasi kuliko volti yenyewe. Kupanda kwa asilimia 10 kunaweza kuongeza P0 kwa robo au zaidi, kutegemea jinsi kiini kilivyojengwa karibu na kushiba. Agiza kiini kinachovumilia asilimia 110 bila kikomo cha muda. Kwa transfoma iliyokwisha fungwa, tepu yenye mizunguko mingi zaidi upande wa volti ya kati hupunguza sumaku ndani ya kiini. Ina gharama: volti 800 itashuka kidogo na mkondo wa mchana utapanda, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya swali la 3 kabla ya kuihamisha. Na tepu za aina hii huhamishwa umeme ukiwa umekatwa pande zote mbili, kamwe si vinginevyo.

13. Kwa nini nisiikate tu transfoma kila jioni?

Inawezekana, ila angalia unachonunua kwa hizo kWh 6,900. Kila asubuhi ukiiwasha, kiini hunyonya mkondo wa mara 8 hadi 12 ya ule wa kawaida. Kwa ampea 66 za upande wa kV 22, huo ni mkupuo wa ampea 525 hadi 790. Koili hutikiswa kimitambo kila siku. Brekeri nayo ina umri: ya daraja M1 imejaribiwa kwa mizunguko 2,000, ambayo ukiifungua na kuifunga kila siku inaisha kabla ya miaka 5 na nusu. Ya daraja M2 ina 10,000, kiasi cha miaka 27. Zaidi ya hapo unapoteza umeme wa kamera, mawasiliano na hita za kuzuia unyevu, na mafuta yanayopoa kabisa kila usiku huvuta hewa yenye unyevu kupitia kipumulio, kama transfoma inacho.

Kwa P0 ya wati 1,575 tungeiacha iwake. Kwa transfoma ya zamani yenye P0 kubwa, na brekeri ya M2 yenye kifaa cha kufunga kila fezi kwa wakati wake, hesabu inaweza kugeuka.

14. Bili ya usiku inaonyesha kipengele cha nguvu kibovu mno. Transfoma imeharibika?

Karibu kila mara ni kebo. Kebo ya kV 22 ya milimita za mraba 240 huzalisha kVAr 40 hadi 50 kwa kila kilomita, mradi ina volti. Ukiwa na kilomita moja tu, una kVAr 45 dhidi ya kW 1.6 za kiini. Mkondo wa sumaku wa transfoma unafuta kama kVAr 10, zinabaki 35, na kipengele cha nguvu kinatoka 0.05. Inveta nyingi zinaweza kufyonza kVAr hizo usiku, lakini zenyewe hula umeme zikifanya hivyo. Pima kW za ziada kwa usiku mmoja kabla ya kuziacha hivyo mwaka mzima.

15. Nawezaje kupima P0 kwa mita iliyopo?

Kwa tahadhari. Kama vigeuza mkondo vya mita ni vya ampea 100 daraja 0.5S, usahihi wake umehakikishwa kuanzia ampea 1. Umeme wa P0 peke yake ni ampea 0.04; kinachoipa mita kitu cha kusoma usiku ni mkondo wa kebo, na kosa dogo la pembe kwenye mkondo huo hubadilisha kW kabisa. Kabla ya kubishana na bili, zima taa, kamera na vifaa saidizi saa nane usiku, soma mita kwa saa nzima, kisha linganisha na cheti cha kiwandani. Ukipata kW 1.4 au 1.9, hiyo ni mita. Ukipata kW 4, kuna kitu kingine kimewaka, na mara nyingi ni hita au kiyoyozi cha kontena kilichosahauliwa kwenye ratiba.